Kimya cha Banda la Mwani

Watu wa Ukunda wakitaka kumtania Ummulkheir humwambia kwamba yeye ndiye mtu wa pekee pwani nzima anayekula kwa kusikiliza kitu kisichokuwapo. Wakipita mlangoni pa chumba chake, nyuma ya duka la ushonaji la mumewe Jaafar, humkuta amevaa hedifoni juu ya mtandio, macho ameyafumba, na kwenye kompyuta hakuna mtu anayesema neno. "Leo kimya kina utamu gani, Bi Ummu?" Hajibu mpaka amalize. Mtu huyu ana hasira za karibu, na ukimkatiza kazini atakupa jibu la kukurudisha kwenu.

Lakini ukimkuta amepumzika, na hasa ukiwa umekuja na mahamri, atakueleza. Atakwambia kimya hakipo. Hebu nyamaza hapo ulipo usikilize: kuna feni, kuna friji ya jirani, kuna upepo kwenye mabati, kuna barabara kwa mbali. Hiyo ndiyo sauti ya mahali, na kila mahali pana yake. Hatuisikii kwa kuwa tumeizoea, lakini mtu akiiondoa ghafla masikio hushtuka, na mwenye masikio atauliza kuna nini.

Hayo hakuyasoma chuoni. Ummulkheir ni mzaliwa wa Msambweni, na kazi aliianzia kwa mpiga picha za harusi, akisafisha sauti za kanda ambazo bibi harusi haonekani kwa wingi wa mashangazi. Baadaye redio moja ndogo ya pale Ukunda ikamchukua. Ramadhani yake ya kwanza alipewa mawaidha ya sheikh mmoja mzee aliyekuwa na kikohozi, akaambiwa akitoe. Akakikata chote, neno likabaki safi, naye akajiona fundi. Mawaidha yaliporushwa hewani, simu zikaanza kulia. "Redio yenu inakatika!" Msikitini mlikuwa na mafeni makubwa yanayovuma muda wote, na kila alipokata kikohozi alikuwa amekata na mafeni pamoja nacho. Sheikh alisikika akisema, anazimika, anasema tena, anazimika tena. Ummulkheir aliona haya mpaka akataka ardhi ipasuke immeze. Kesho yake alienda msikitini kabla ya adhuhuri, akarekodi mafeni peke yake, akarudi kuyajaza kwenye mapengo yote. Hakuna aliyepiga simu tena, na sheikh mwenyewe alimtumia salamu kwamba kifua chake kimepoa.

Tangu siku ile hajawahi kuacha pengo tupu. Akawa anatafutwa na watu wa filamu, mmoja mmoja, kutoka Diani hadi Lunga Lunga, na ndipo Harrison Ngala akamjia.

Harrison ni kijana wa Kinango, mtoto wa wafugaji, mrefu, mpole, mwenye haraka. Alikuwa ametengeneza filamu ya akina mama wa Kibuyuni wanaolima mwani, kule karibu na Shimoni, na filamu yenyewe ilikuwa nzuri. Uti wa mgongo wake alikuwa mwanamke mmoja aliyeitwa Kibibi, mkulima wa mwani wa siku nyingi, mwenye sauti nzito na vituo vya kuvutia anapoongea. Kibibi alihojiwa ndani ya banda lao la kukaushia, asubuhi, maji yamekupwa, huku wenzake wakifunga mbegu kwenye kamba nyuma yake. Aliongea kwa raha. Tatizo ni kwamba aliongea kwa raha kupita kiasi, na wahenga walikwisha sema ulimi hauna mfupa.

Binti yake Kibibi, Yusra, ameolewa Mkwiro, ng'ambo ya pili, kwenye kisiwa cha Wasini. Mama mkwe wa Yusra anaitwa Bi Mwanakombo, mwanamke wa heshima zake na wa maneno yake. Miaka ya mwanzo Bi Mwanakombo aliudharau mwani waziwazi, akamkataza Yusra asiende kumsaidia mamake, na kwa sababu hiyo nyumba mbili hizi hazikupikiana kwa muda mrefu. Ugomvi uliisha Yusra alipojifungua. Wakapatana, mjukuu akawa anavushwa huku na huku, mambo yakawa mazuri. Sasa mbele ya kamera, Kibibi kayafukua. Alisema mara tatu. Kwanza alisema mkwe wake aliuita mwani takataka ya bahari. Kisha akasema alimkataza mtoto wa watu kushika kamba. Mwisho akacheka akasema, "Na leo yeye ndiye wa kwanza kuniomba sabuni ya mwani!"

Kamera ilipozimwa na Kibibi akarudi nyumbani, moyo ukamsuta. Alimpigia Harrison simu. "Mwanangu, yale niliyosema ya mkwe wangu yatoe. Tumekwisha kupatana. Yakisikika, Yusra ndiye atakayeumia, si mimi." Harrison akasema hakuna shida, mama. Akayakata mwenyewe, akafunika pale kwa picha za mikono inayofunga kamba, akaenda Kibuyuni kuwaonyesha akina mama kwenye kompyuta yake ndogo.

Hapo ndipo alipoharibu. Kila alipokata, sauti ya banda ilizimika: upepo ukafa, bahari ikafa, mikono ikaendelea kufunga kamba kwenye uziwi. Dada yake Kibibi, Kache, hakungoja hata filamu iishe. "Hapo pana neno limetolewa," alisema. "Alisema nini?" Harrison akababaika. Kibibi akaangalia chini. Kufikia alasiri, Kibuyuni ilikuwa na matoleo kadhaa ya lile neno, na kila moja lilikuwa baya kuliko lenyewe. Kufikia kesho yake maneno yalikuwa yamevuka maji hadi Mkwiro, na Bi Mwanakombo akatuma ujumbe kwamba siku ya kuonyeshwa filamu atakuja, atakaa mbele, na atasikiliza.

"Dada Ummu," Harrison alimwambia Ummulkheir, akiwa amekaa kwenye kistuli cha studio magoti yamemfika kidevuni, "Kibibi anasema kama hayo mashimo hayatazibika, tumtoe yeye mzima. Na nikimtoa Kibibi sina filamu."

"Filamu nitakutafutia nyingine," Ummulkheir alisema. "Yusra utamtafutia ndoa nyingine?"

Harrison akafungua mkoba wa kompyuta yake.

"Basi nipe yote uliyorekodi. Kila kitu, hata mlipokuwa mnafunga vyombo. Na ile sauti ya mahali uliirekodi?"

Harrison akasema kwa fahari kwamba aliirekodi. Alikwisha fundishwa: ukimaliza mahojiano, waombe watu wote wanyamaze, usizime kinasa sauti, rekodi mahali penyewe. Ummulkheir akamtolea dua kimoyomoyo. Akafungua kipande hicho, akavaa hedifoni.

Sauti ya Harrison ilisema, "Akina mama, tunaomba sote tunyamaze kidogo, tafadhali." Pakawa kimya kweli, cha kufaa kabisa. Halafu ukaanza mnong'ono, mdogo, kisha wa watu wengi. Ummulkheir akaongeza sauti. Akina mama walikuwa wanasoma Fatiha. Walikuwa wameambiwa wanyamaze wote pamoja, hawakuambiwa kwa nini, na Kibuyuni watu hawanyamazi pamoja bure bure. Wakamkumbuka marehemu wa karibuni, wakainua mikono, wakasoma mpaka mwisho, wakapangusa nyuso na kusema "Amin" kwa sauti moja iliyotikisa kipaza sauti.

Ummulkheir alivua hedifoni, akamtazama Harrison.

"Uliwasomesha dua," alisema.

"Niliona wameinua mikono, nami nikainua," Harrison alijibu. "Ningefanyaje?"

Alicheka Ummulkheir, akacheka mpaka Jaafar akazima cherehani kuuliza kulikoni. Lakini alipoanza kazi kicheko kilimwisha. Mnong'ono wa dua huwezi kuutoa kwenye upepo, na kuuweka chini ya maneno ya Kibibi ni kumfanya aongee matangani. Akajaribu kuokoteza vipande vidogo katikati ya mahojiano, pale Kibibi aliponyamaza kutafuta neno. Vingi vilikuwa vifupi mno, vimeishia kwenye kukohoa au kumeza mate. Kirefu kuliko vyote kilikuwa na kuku aliyelia kwa mbali. Akakirudiarudia kile kipande ili kijaze pengo, akamsikilizisha Harrison.

"Kuku huyu ametaga yai moja mara nne," Harrison alisema.

"Na Kibuyuni watasema kuku ni wa nani," Ummulkheir alisema, akakifuta.

Akajaribu njia nyingine. Alikuwa na hazina yake ya sauti za mahali alizokusanya miaka na miaka, na ndani yake mlikuwa na bahari ya Msambweni, nzuri, aliyoirekodi mwenyewe. Akaiweka. Harrison akafurahi, akasema hapo sasa. Ummulkheir akasikiliza mara moja, uso ukakunjamana. Bahari ile ilikuwa imejaa. Mawimbi yalikuwa yanavunjika karibu. Kibibi alihojiwa wakati wa bamvua, maji yamekwenda nje kabisa, bahari ni mvumo tu kule mwambani, na hiyo ndiyo saa ya kazi ya mwani. Yaani Kibibi akisema, maji yametoka. Akinyamaza, maji yamejaa. Akisema tena, maji yametoka. Mgeni kutoka bara hangejua. Lakini wale watakaokaa mbele ya filamu hii ni watu walioamka maisha yao yote kwa saa za maji, na wangejua kabla hata ya kujua kwamba wamejua.

"Si ya pale," alisema. "Pengo la Kibuyuni litazibwa na Kibuyuni."

Wakangoja bamvua. Harrison alihangaika, maana siku ya kuonyesha ilikuwa imetangazwa na ilikuja mara tu baada ya bamvua hiyo, lakini Ummulkheir hakuwa na la kufanya na mwezi. Alichokifanya ni kumwamuru Harrison aje na kipaza sauti kilekile na kinasa sauti kilekile, asithubutu kuleta kizuri zaidi. "Kizuri zaidi kina masikio mengine," alimwambia. "Mimi nataka masikio yaliyomsikia Kibibi."

Asubuhi ya bamvua walikuwa Kibuyuni. Kibibi aliwapokea bandani, na ingawa alijitahidi kuchangamka, macho yake yalionyesha hakulala vizuri. Ummulkheir akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, akamshika mkono na hakuuachia.

"Mwanangu, wewe ndiye utakayenisitiri?"

"Inshallah, mama. Nisaidie na wewe."

Akaingia bandani, akasimama, akasikiliza. Akapiga makofi mara moja. Siku Kibibi alipohojiwa banda lilikuwa limejaa magunia ya mwani mkavu mpaka dari, na mwani hunywa sauti. Sasa mnunuzi alikuwa amekwisha kuja na lori. Banda lilikuwa tupu, na hata kofi lake liliitikiwa na kuta. Angerekodi hivi, pengo lingesikika pana kuliko maneno.

"Mama Kibibi, magunia yamekwenda?"

"Yamekwenda, alhamdulillahi."

"Basi nahitaji mengine yaje."

Alieleza mbele ya akina mama wote, bila kuficha kazi na bila kuitaja siri. Alisema banda hili lina sauti yake, na sauti hiyo ndiyo anayoitaka, iwe kama ilivyokuwa siku ile. Kache, yule yule aliyeuliza neno gani limetolewa, alimkazia macho, na Ummulkheir alidhani atauliza tena. Badala yake Kache alitazama uso wa dada yake kwa muda, akafunga leso kiunoni. "Sasa mmekaa mnangoja nini? Leteni mwani!" Ukaletwa mwani kutoka kwenye vichanja vya nje, ukaletwa kutoka majumbani, mkavu na nusu mkavu, ukajazwa kwenye magunia na magunia yakapangwa yalipokuwa. Mmoja alileta hata godoro. Ummulkheir alikuwa anapiga makofi na kusikiliza, anapiga na kusikiliza, mpaka kofi likafia mkononi. Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Akafunga kipaza sauti mahali pake pa zamani, kwa kuangalia picha za Harrison, urefu uleule kutoka kwenye kiti cha Kibibi.

Ikabaki kunyamaza. Ummulkheir alikuwa amelifikiria jambo hili njiani.

"Mama zangu," alisema, "kwanza tuwaombee marehemu wetu."

Wakainua mikono. Fatiha ikasomwa kwa ukamilifu, haikuharakishwa, na Harrison naye mikono juu. Wakapangusa nyuso. Amin ikapita.

"Tumemaliza ya Mungu, alipokee. Sasa ni ya banda. Kaeni mlivyokaa siku ile, fungeni kamba zenu kama kawaida, lakini ndimi zipumzike. Si dua, si msiba. Ni kazi tu."

"Na akija mtu akabisha hodi?" mmoja aliuliza. "Hatuwezi kumwacha bila kumjibu."

Ni kweli, hawakuweza. Kumwacha mtu mlangoni na salamu yake mkononi si jambo la kuombwa na mtu mwenye adabu. Kwa hiyo Harrison akapelekwa mbali njiani, juani, kazi yake kupokea salamu zote za Kibuyuni kabla hazijafika bandani. Akasimama huko akiitikia na kuamkia, anauliza habari za nyumbani, za watoto, za mbuzi, na watu walimwona kijana wa bara aliyelelewa vizuri sana.

Ummulkheir akawasha kinasa sauti, akakaa chini mkekani. Kamba zilikwaruzana. Makuti yalisuguana kwa upepo wa kusi. Mwambani bahari ilivuma mbali, mvumo mmoja, usio na mwanzo. Kibibi alikuwa kwenye kiti chake, mikono inafunga, na pumzi yake ikitoka taratibu kama mtu aliyeachiwa nafasi. Ummulkheir aliacha kinasa kiende. Aliacha kiende kupita alichohitaji, kwa sababu sauti ndefu haihitaji kurudiwa, na pia kwa sababu alipenda kukaa pale. Alifurahi, akajiambia hivyo mwenyewe, kwamba anafurahi.

Aliporudi Ukunda alifunga mlango, akamwomba Jaafar aahirishe cherehani. Akaanza na neno la kwanza. Hakuyabana maneno yakutane, maana Kibibi si mtu wa kuongea mbio. Akikatwa vituo vyake anakuwa mwingine. Alimwachia nafasi ya kuvuta pumzi, pumzi yake mwenyewe iliyookolewa kutoka kwenye sentensi iliyotolewa, kisha nafasi ile akaijaza sauti ya banda. Ukingoni hakugonganisha vipande. Alifanya kimoja kififie huku kingine kikiinuka chini yake, vipishane kama watu wawili mlangoni. Akasawazisha nguvu ya sauti, kidogo kidogo, mpaka hakuna kilichopanda wala kushuka.

Bado hakuridhika. Asubuhi mbili hazina upepo mmoja, na sikio kali lingeweza kuhisi kwamba upepo mpya unatokea pale tu Kibibi anaponyamaza. Kwa hiyo akalitandika banda lile jipya chini ya mazungumzo yote, tangu mwanzo hadi mwisho, hafifu, kama busati. Sasa halikuwa kiraka tena. Kibibi alisema juu yake, akanyamaza juu yake, akasema tena.

Alimwita Harrison, akamwambia atafute alipokata. Harrison aliyejua kila neno lililotolewa, aliyekata kwa mkono wake mwenyewe, alisikiliza mpaka mwisho na kidole kimeinuliwa. Kidole hakikushuka.

"Nimekosa yote," alisema, akacheka kama mtu aliyeshinda.

"Wewe si Bi Mwanakombo," Ummulkheir alisema, lakini usiku huo alilala.

Filamu ilionyeshwa Kibuyuni baada ya swala ya alasiri, darasani, madirisha yamezibwa kwa leso mpaka chumba kikawa na giza la rangi rangi. Watu walijaa hadi nje. Kibibi alikaa ukutani, Yusra pembeni yake na mtoto mapajani. Bi Mwanakombo aliwasili na jamaa zake kutoka Mkwiro, buibui jeusi, mkoba mapajani, akapewa kiti cha mbele. Alisalimia kila mtu kwa adabu yote. Kisha akavuta mtandio nyuma ya sikio.

Ummulkheir alisimama mlangoni, hakuitazama filamu hata kidogo. Alimtazama Bi Mwanakombo. Kibibi alianza kusimulia. Likaja pengo la kwanza. Mikono ilifunga kamba, upepo ukapita kwenye makuti, Kibibi akaendelea. Likaja la pili. Bi Mwanakombo aliinamisha kichwa upande. Likaja la tatu, lililokuwa gumu kuliko yote kwa sababu ya kile kicheko, na likapita nalo. Filamu ikaisha, watu wakapiga vigelegele, na katikati ya vigelegele Bi Mwanakombo akainua mkono.

"Rudisheni anapoongea mkwe wangu."

Yusra akamkumbatia mtoto. Harrison akamtazama Ummulkheir, naye akatikisa kichwa kukubali. Ikarudishwa. Bi Mwanakombo safari hii alifumba macho. Darasa zima lilikuwa linasikiliza pamoja naye. Ikaisha tena.

Bi Mwanakombo akasimama, akawageukia watu.

"Nimeambiwa mimi nimesemwa humu, na kwamba maneno yamekatwa nisiyasikie. Nimesikiliza mara mbili. Hapana lililokatwa. Wamenidanganya, Mungu awasamehe." Alivuta pumzi. "Lakini kama kuna aliyekuwa na haki ya kunisema, ni huyu Kibibi. Mimi ndiye niliyeuita mwani takataka. Mimi ndiye niliyemkataza Yusra asishike kamba. Alipewa kamera, akapewa nafasi, na hakunitaja. Mkwe wangu, mbele ya watu hawa, niwie radhi."

Kibibi alikuwa tayari analia. Angeweza kunyamaza hapo. Heshima ilikuwa imerudi yote, na Ummulkheir kwa macho alimsihi anyamaze. Lakini Kibibi hakuumbwa hivyo. Alikwenda mbele, akamshika mkwe wake mikono yote miwili.

"Nilikutaja, mwenzangu. Usinipe sifa isiyo yangu. Nilikutaja mara tatu, na sabuni nikaisema. Nikajuta, nikaomba yatolewe. Niwie radhi wewe."

Bi Mwanakombo alimtazama, akamtazama, kisha uso wake ukaanza kutikisika kuanzia kidevuni, na Ummulkheir hakujua ni kilio au nini mpaka kicheko kilipomtoka.

"Na sabuni! Kibibi, wewe! Nikome!" Wakakumbatiana, wanacheka na kulia, Yusra akawaingilia kati na mtoto wake, na darasa likawa vurugu tupu la vigelegele. Bi Mwanakombo alipopata pumzi alijipangusa macho kwa ncha ya mtandio, na tazama, uso ukawa wa ushindani. "Lakini yametolewa wapi? Mimi nina masikio. Rudisheni!"

Ikarudishwa mara ya tatu. Sasa Kibuyuni na Mkwiro zilikuwa zinawinda. Kache alikaa kwenye ukingo wa benchi. Watu walinyoosheana vidole, wakakatazana, wakabishana. "Hapo!" "Hapana, hapo ni upepo." Mapengo yote matatu yalipita mbele yao, moja baada ya jingine, na wakayaacha yapite.

"Hapo!" Bi Mwanakombo alipaza sauti, akaruka kutoka kitini. "Simamisheni! Hapo ndipo mlipokata, wallahi, nimesikia!"

Darasa zima likageuka kumtazama mwanamke aliyesimama mlangoni. Ummulkheir alijaribu kutocheka, akashindwa.

"Hapo sikugusa, Bi Mwanakombo," alisema. "Hapo Kibibi alinyamaza mwenyewe."